Karatasi ya Majina 31

Niliandika majina 31 kwenye karatasi ya mistari, nikaikunja mara mbili, nikamkabidhi Mama Mwenyekiti wa mtaa magharibi ya siku ya uzinduzi wa filamu yetu, pale Mikindani. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo tu: kumwandikia watu wa kuwashukuru kabla filamu haijaanza. Juu kabisa niliwaweka waliotoa hela na mchele, wakafuata waliobeba taa na waliocheza umati, na chini wakaja akina mama waliotupikia siku zote za kushuti.

Mmoja nilimruka kwa makusudi, yule mzee mwenye mashua. Nilijiambia kwamba hakufanya kitu, alipewa heshima tu ya chombo chake kuonekana. Ukweli ni kwamba jina lake lingelazimisha kuelezwa jambo ambalo sikutaka lielezwe.

Tulikuwa na sini moja ya kijana anayeondoka na mashua huku mama yake amesimama ukingoni. Dairekta alitaka maji yafike kwenye ukuta wa mawe, mashua ielee karibu na miguu ya yule mama, na jua liwe la jioni. Kwetu maji hufika hapo wakati wa bamvua tu, siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu, na bahati nzuri siku hizo hujaa kama saa 10 jioni, mwanga ukiwa mzuri. Siku ya kwanza tukashuti upande wa mama wote. Tulipogeuza kamera tumwone kijana akiwa ndani ya mashua, kadi ikawa imejaa, na ya akiba ilikuwa na picha za jana yake. Mwenye jukumu la kuzihamisha picha kwenye kompyuta kila usiku nilikuwa mimi, na usiku ule nililala.

Wenzetu wasioijua pwani walisema basi, tumalizie kesho. Kesho maji hayaji saa ile ile. Huchelewa kama dakika 40 au 50 kila siku, kwa hiyo siku ya pili tulipata mwanga wa kubabaisha, na siku ya tatu maji yalipofika ukutani jua lilikuwa linakaribia kuzama. Ukishuti asubuhi maji yako mbali kule, matope matupu. Watazamaji wa Mikindani wangecheka kabla ya mtu mwingine yeyote. Ikabidi tusubiri bamvua nyingine, yaani wiki mbili.

Sasa yale maji tuliyoyataka sisi ndiyo aliyoyataka mzee. Mashua yake ilikuwa inavuja, na mashua nzito ile huipandishi pwani siku yoyote. Unasubiri maji makubwa yaifikishe juu, yakirudi inabaki kavu, ndipo unatia kalafati na kupaka rangi. Rangi alikuwa ameshanunua, ya bluu. Tulimwomba asiipandishe wala asiipake, maana nusu ya sini ilikuwa na mashua ya kijani iliyobabuka. Akakubali. Wiki mbili vijana wake walikwenda baharini wakifua maji njia nzima, mmoja akivuta nyavu na mwingine ameinama na kopo.

Basi usiku ule uwanja ulijaa. Tulishona mashuka mawili meupe kuwa skrini, viti vya plastiki mbele kwa wageni, mikeka kwa watoto, na jenereta tulilificha nyuma ya ukuta, ingawa lilisikika vilevile. Mama Mwenyekiti akashika maiki. Akatoa salamu za pande zote, akakunjua karatasi yangu, akasoma majina 31 mfululizo kama anayeita mahudhurio. Halafu akaikunja tena.

"Hao ni waliofanya," alisema. "Mwanangu kaniandikia vizuri. Sasa nina waliojizuia kufanya, na hao hakuniandikia."

Nilikuwa nimesimama kando ya spika. Tumbo likanikata.

Alianza na mwenye mashine ya kusaga. Nyumba tuliyoshutia sini za ndani ilipakana na mashine yake, na maiki yetu, ile ya kufungwa kwenye fimbo ndefu, ilikuwa ikiivuta ile ngurumo hata kupitia ukuta. Mama hakueleza hivyo. Alisema tu, "Nyamazeni kidogo." Watu wakanyamaza. Jenereta likasikika nyuma ya ukuta, du-du-du-du. Aliliacha mpaka watoto wakaanza kucheka.

"Mmesikia? Ndivyo ambavyo mama na mwanawe wangeongea ndani ya filamu. Neno moja na mashine, neno la pili bila mashine, kwa sababu wanarekodi vipande vipande. Huyu bwana alizima. Mnafika na madebe yenu ya muhogo mnamkuta amekaa, mnamtukana, naye anawaambia rudini baadaye."

Alijua hata habari ya kijana wetu wa kitambaa chekundu, aliyekaa mlangoni pa mashine: kikiinuliwa, zima, kikishushwa, washa. Na alijua kwamba baada ya kila sini tulimwomba asubiri kidogo zaidi, turekodi nusu dakika ya chumba kitupu, bila mtu kusema. Ule ukimya ndio mhariri anaoutumia kuzibia nafasi kati ya neno na neno, maana ukikata sauti kabisa sikio linashtuka. "Wamemchukulia hadi kimya chake," alisema Mama, na yule bwana akainama kwa haya huku jirani zake wakimpiga mabegani.

Kisha akamwita mzee asimame. Akaeleza habari ya maji, ya rangi ya bluu iliyokaa ndani ya makopo, na ya vijana waliofua maji. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, maana yeye ni mke wa mvuvi. Nilikuwa nangoja afike kwenye sababu. Alipofika, alisema, "Yakatokea ya kutokea, kazi ikabaki nusu," akaendelea mbele. Hakunitazama. Ningependa angenitazama, ningejua anajua.

Filamu ikaanza. Sini ya mashua ilipofika nilikwenda nikachuchumaa karibu na mkeka wa mzee. Watu walipiga vigelegele kuiona pwani yao. Yeye hakupiga. Alikodoa macho kwenye shuka, kisha akanyoosha kidole.

"Hayo maji si mamoja."

"Vipi, mzee?"

"Tazama ukuta nyuma ya mama. Maji yamefunika mawe matatu. Sasa tazama akionekana kijana... umeona? Mawili. Bamvua ya pili ilikuwa ndogo. Hazilingani hizo."

Dairekta hakuwa ameona. Mhariri aliyeitazama sini ile mara mia hakuwa ameona. Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo sijaweza kuona kitu kingine katika sini ile.

"Mzee, nisamehe," nikamwambia. "Kadi ilijaa kwa uzembe wangu. Ndiyo maana tukakusumbua."

"Naelewa. Mama Mwenyekiti alinipasha siku ile ile." Macho yake hayakutoka kwenye shuka. "Mkono wako wa kulia una nguvu?"

"Upo."

"Mwezi ukiandama napandisha tena. Kalafati ya upande wa nyuma haikukaa. Njoo saa 9, usingoje saa 10."

Nikamwambia nitafika. Akaniashiria ninyamaze, kijana kwenye shuka alikuwa anatweka tanga.