Mafuta yaliyorudi kwenye chupa

Jamani, mimi sina mizani jikoni, na hapa kwetu Mtwara samaki wa kukaanga hakosekani. Nilikuwa nakadiria kalori kwa macho tu. Juzi nikachukua kikombe kidogo cha dawa ya maji ya mtoto, kile chenye alama za mililita, nikapima mafuta kabla ya kuyamimina kwenye karai: mililita 250. Nikakaanga vipande vinne vya changu, nikasubiri mafuta yapoe kabisa, nikayachuja na kuyapima tena. Yamerudi 190. Kwa hiyo 60 yameondoka na samaki, na matone kidogo yamebaki kwenye karai.

Lebo ya chupa yangu inasema, kwa mililita 100: 3,404 kJ / 828 kcal. Zamani nilisoma namba ya kwanza nikashtuka bure! Hiyo ni kilojuli; kalori tunazozihesabu ni kcal. Basi mililita 60 ni kama kalori 500, yaani 125 kila kipande, bado samaki mwenyewe.

Angalieni pia kama lebo yenu imeandika gramu 100. Hapo mafuta hayohayo husoma 900, kwa sababu mililita 100 za mafuta zina uzito wa gramu 92 hivi.