Gunia la karanga lililogusa ukuta

Nilipoomba kuanza kuuza madukani siagi ya karanga ninayoitengeneza nyumbani, nilidhani mkaguzi angeangalia vigae na sinki tu, kumbe swali lake la kwanza lilihusu gunia nililolilaza sakafuni, likigusa ukuta wenye unyevu. Alinieleza kwamba karanga zenye unyevu huota ukungu unaozalisha sumukuvu, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Sasa gunia hukaa juu ya chaga, mbali na ukuta, nami huchambua punje kwa mkono na kutupa zilizosinyaa, zilizovunjika au zilizobadilika rangi (kuku siwapi, maana nao hudhurika). Kinachonichosha ni mashine ya kusagia, ambayo kila jioni ninaifungua, ninaiosha na kuiacha ikauke kabisa.