Nilivyoingia kazi ya wanyamapori kupitia vijijini

Nilipomaliza cheti cha uhifadhi wa wanyamapori, darasa zima lilikuwa linaitazama TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na wachache TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Siwalaumu, kule ajira ni ya kudumu. Ila taasisi hizo sasa ni Jeshi Usu, yaani zinaendeshwa kwa mfumo wa kijeshi, kwa hiyo umri, afya na ukakamavu vinapimwa kwa ukali, na nafasi zenyewe zinagombewa na umati. Niliomba, sikuitwa. Nikarudi kwetu Namtumbo kutafuta kazi kwenye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, hizi WMA ambazo vijiji vimetenga ardhi yao na kuisimamia vyenyewe. Kwenye ushoroba wa Selous–Niassa, mapito ya wanyama kati ya Tanzania na Msumbiji, ziko tano: Mbarang'andu, Kimbanda, Kisungule, Nalika na Chingoli. Zinahitaji askari wa wanyamapori wa vijiji, na huko cheti kina uzito kwa sababu wenye cheti hawapendi kwenda.

Sababu ya kutopenda ni pesa. Jumuiya za huku zinategemea sana uwindaji wa kitalii, na kitalu cha uwindaji kikikosa mwekezaji, posho inakwama. Kabla ya kukubali nilimuuliza katibu maswali mawili: kitalu kina mkataba na nani, na askari walilipwa mara ya mwisho lini. Nilipopata majibu nikaingia nikiwa na shamba langu la mpunga pembeni, maana bila hilo nisingevuka mwaka wa kwanza.

Doria niliizoea. Ni kubeba unga, dagaa, chumvi na turubai, kutembea kutwa na mbung'o wanakuuma hata juu ya nguo, na masika kuvuka mito ambayo kiangazi ni mchanga mtupu. Kilichonitoa kimaisha, hata hivyo, ni kazi ambayo wenzangu waliiona ya makaratasi: kukagua mashamba yaliyovamiwa.

Mahindi yakianza kukomaa, simu za watendaji wa vijiji huanza alfajiri. Unatakiwa ufike kabla mvua haijafuta nyayo. Kuna mzee alinipokea shambani akasema, "Bwana nyama, tembo wamenimaliza." Nilimpa pole, nikamwomba tuzunguke naye. Upande wa mtoni mabua yalikuwa yameng'olewa na mizizi, mengine yamekanyagwa, na kinyesi kina punje nzima za mahindi. Huyo ni tembo. Upande wa juu bua lilikuwa limetafunwa chini na kulazwa, udongo umefukuliwa: nguruwe pori. Kwenye kona, magunzi yamemenywa na kutupwa hovyo, kazi ya nyani. Nilipima mzingo wa wayo wa mbele kwa kamba, kwa sababu ukiuzidisha mara mbili unapata takribani kimo cha tembo begani. Nyayo za ukubwa mmoja zilionyesha dume mmoja, wala si kundi. Kisha nikaizunguka kwa GPS ile sehemu ya tembo peke yake, nikamweleza mzee kwa nini.

"Mwanangu, unanipunguzia," alisema. Iliniuma. Kinacholipwa ni kifuta jasho, si thamani ya mazao, na huchelewa. Lakini fomu inayoandika shamba lote kuwa la tembo huwa inarudishwa na wilaya, na mkulima anakosa hata kidogo alichostahili.

Umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi nao unahesabika kwenye malipo. Nilipoweka pointi zangu kwenye ramani ya karatasi tuliyokuwa nayo, mashamba niliyosimama ndani yake yalionekana yamesogea, mengine yakaangukia ndani ya hifadhi. Ramani ile ya zamani ilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, GPS ilikuwa kwenye WGS 84, na kwa nchi yetu tofauti ya mifumo hiyo ni takribani mita 300. Nilibadilisha mfumo kwenye GPS, nikarudia kusoma pointi kwenye kisima na daraja vinavyoonekana kwenye ramani, zikakaa mahali pake. Tangu hapo kila fomu yangu iliandikwa mfumo wa ramani pembeni ya namba.

Mtafiti aliyekuja kufuatilia mapito ya tembo aliomba kuona zile fomu, akanichukua kwa mkataba wa miezi michache kama msaidizi wa utafiti. Mikataba ya namna hiyo ipo mingi kuliko watu wanavyodhani, inatoka kwa miradi na wanafunzi wa shahada za juu, na hupatikana kwa kutajwa na mtu, mara chache sana kwa tangazo. Uliponiishia niliunga mwingine, katikati nikilima.

Halmashauri ilipotangaza nafasi ya msaidizi wa wanyamapori kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye usaili waliniwekea picha ya shamba lililoharibiwa wakaniuliza mnyama gani. Nikawajibu ni wawili, nikawaonyesha mpaka wa kila mmoja.

Ofisi niliyopo ina pikipiki moja na vijiji vingi. Masika ninalala huko huko vijijini, kwa watendaji, ili alfajiri nisiwe mbali na nyayo.