Majani yenye ukungu: ninavyouza picha za simu kutoka Uyole

Nina duka la pembejeo Uyole, Mbeya, na sehemu kubwa ya wiki niko mashambani kwa wateja wangu, kuanzia Inyala hadi Isyonje na wakati mwingine nateremka Rungwe. Mkulima akinipigia kwamba viazi vyake vimebadilika rangi, sipendi kumuuzia dawa kabla sijaliona jani. Kwa hiyo nilikuwa napiga picha za magonjwa kwa simu muda mrefu kabla sijajua kwamba kuna mtu nje ya Mbeya anaweza kuzilipia.

Nilipofungua akaunti za kuuza picha kwenye Shutterstock na Adobe Stock, nilianza kama wengi wanavyoanza: machweo ya Loleza, Ziwa Ngozi, mashamba ya chai ya Tukuyu. Zilipokelewa, na zipo mpaka leo, lakini hazinunuliwi. Mnunuzi anayetafuta machweo anawekewa mamilioni ya machweo, na yangu hayana kinachoyatofautisha na ya Chile au Uturuki. Iliyonunuliwa kwanza ilikuwa ya jani la kiazi lenye bakajani chelewa, ule ukungu unaomaliza shamba ndani ya siku chache mvua zikishika. Nilipoona hivyo niliacha mandhari nikashika magonjwa na wadudu.

Sababu yake inaeleweka. Anayenunua picha ya namna hiyo ni mchapishaji wa kitabu cha kilimo, kampuni ya viuatilifu, au mtu anayeandaa mafunzo ya wakulima. Hatafuti uzuri. Anatafuta dalili sahihi yenye jina sahihi. Picha za viwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata, zinahitajika kila msimu wa mahindi, na wenye nafasi ya kuwapiga wakiwa hai ndani ya moyo wa mhindi ni sisi tunaokanyaga mashamba hayo.

Kwa hiyo kazi kubwa ni utambuzi, simu inakuja baadaye. Chukua viazi. Bakajani tangulia huacha madoa makavu yenye miduara ndani ya miduara, kama shabaha. Bakajani chelewa huacha mabaka yanayoonekana kama yamelowa maji, na ukigeuza jani asubuhi wakati umande bado upo, utaona utando mweupe kuzunguka baka kwa chini. Saa tano jua likishakaza, utando umekauka na picha imepoteza ushahidi wake. Ndiyo maana picha zangu za viazi napiga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na kila jani nalipiga juu na chini. Kiwavijeshi vamizi namtafuta usoni: alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia madoa manne yaliyojipanga pembe nne. Picha isiyoonyesha alama hizo ni picha ya kiwavi tu, na viwavi viko vingi.

Kuna jambo la heshima hapa ambalo sipendi kulipita. Mzee mmoja wa Isyonje aliniona nimeinama na simu kwenye tuta lake akaniuliza, "Mwanangu, shamba linaoza, wewe unapiga picha?" Alikuwa na haki. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: kwanza tunazungumza ugonjwa na tiba, halafu naomba ruhusa, na namweleza wazi kwamba picha inaweza kuuzwa. Nilimwambia, "Baba, nachukua jani tu. Sura yako haitaonekana, wala shamba halitajulikana ni la nani." Akakubali. Mtu akionekana kiasi cha kutambulika, tovuti hizi zinataka fomu ya idhini iliyosainiwa, na kwa mtoto anasaini mzazi. Mimi nabaki kwenye majani, mizizi na mikono iliyoshika jani.

Sasa simu. Yangu inatoa picha ya megapikseli 12, yaani pikseli 4000 kwa 3000, na faili moja ni kama MB 4 na nusu. Tovuti zote mbili zinataka angalau megapikseli 4. Kamera ya simu haioni vizuri kitu kilicho karibu sana, kwa hiyo sisogezi simu mpaka ikaribie kugusa jani, wala sivuti kwa vidole kwenye kioo, maana kuvuta huko kunaharibu picha. Narudi nyuma kiasi cha kiganja, nagusa kioo palipo na doa ili ilenge hapo, napiga, halafu nakata kingo nyumbani. Kukata kuna mpaka: pikseli 2400 kwa 1800 bado inapita, nusu kwa nusu haipiti. Kabla ya kutuma naikuza picha hadi ukubwa wake kamili na kuangalia doa lenyewe. Likiwa na ukungu wa kamera badala ya ukungu wa jani, naifuta.

Na kama picha imepigwa na kijana wako wa dukani, asikutumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Inabanwa hadi kama pikseli 1600 kwa upande mrefu, ambayo ni chini ya megapikseli 2, na hakuna namna ya kuirudisha. Aitume kama dokumenti, iingie ilivyo.

Maelezo yanaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wanunuzi wengi wanatafuta kwa Kiingereza, na hapo jina la kisayansi ndilo linalomleta mnunuzi wa kweli. Mfano wa maelezo yangu ni huu:

```
Underside of potato leaf with late blight,
Phytophthora infestans, Mbeya, Tanzania
```

Baada ya hapo yanafuata maneno ya utafutaji. Adobe Stock inaruhusu hadi 49 na inayapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo, kwa hiyo jina la zao, la ugonjwa na la kisayansi yanakaa mbele. Maneno kama uzuri au asili hayana kazi hapo. Nikiwa na shaka na ugonjwa siandiki jina mpaka nimeuliza mtaalamu, na Uyole tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI jirani.

Tuje kwenye bando, maana hapo ndipo wengi wananiuliza. Kwa mwezi natuma kama picha 25 kwa kila tovuti. Hiyo ni takriban MB 112 mara mbili, tuseme MB 225. Kufungua kurasa, kujaza maelezo na kuangalia majibu kunakula kama MB 300 nyingine. Bando ninalonunua linanipa GB 1 kwa kama shilingi 2,500, kwa hiyo kazi nzima inanigharimu shilingi 1,500 hivi kwa mwezi, nikihesabu na zile zinazokatika njiani na kuanza upya. Mtandao wetu wa milimani mvua ikinyesha unajulikana. Natuma tano tano ili zikikatika nisipoteze mzigo mkubwa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nisiende kwenye video. Dakika moja ya video ya 1080p kwenye simu yangu ni zaidi ya MB 100, kwa hiyo video ya dakika tano inakula bando kuliko picha zangu za mwezi mzima. Na kwenye YouTube hulipwi sehemu ya matangazo mpaka ufikishe wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Anayependa kuongea mbele ya kamera anaweza kufika huko. Picha inaweza kuuzwa hata ukiwa na moja tu.

Mapato nayataja kama yalivyo. Chukua mwezi mmoja wa kawaida, nikiwa na picha mia nne hivi mtandaoni. Shutterstock humlipa mpiga picha asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi anayouza, na kila Januari unarudi ngazi ya chini. Huko nilipata mauzo saba ya senti 10, matatu ya senti 25 na moja la dola 2.40. Adobe Stock inatoa asilimia 33: mauzo matano ya senti 33 na moja la dola 3.30. Jumla ni dola 8.80.

Hizo haziji zote. Unapojiunga unajaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya wanunuzi wa huko yanakatwa asilimia 30. Mwezi ule karibu nusu ya mauzo yalitoka huko, ikakatwa dola 1.32 na kubaki 7.48. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni shilingi 18,700. Ukiondoa bando, 17,200. Nauli siihesabu kwa sababu shambani naenda kwa kazi ya duka. Mtu anayepanda gari kutoka mjini hadi Tukuyu na kurudi kwa ajili ya picha peke yake, ajue safari mbili au tatu tu zinaimaliza hela hiyo.

Mlango wa kutolea fedha nao una gharama. Mimi napokea kwa Payoneer, huduma ya kupokea fedha mtandaoni, kisha benki. Akaunti inayopokea kiasi kidogo hutozwa ada ya mwaka ya karibu dola 30, na hiyo ni miezi minne ya kazi yangu. Ada hiyo haiongezeki nikipokea zaidi, kwa hiyo kitu cha kukuza ni idadi ya picha zinazouzika. Adobe Stock haikuruhusu kutoa kabla hujafikisha dola 25, na hata zikifika naziacha. Natoa mara moja kwa mwaka ili nisikatwe makato ya kuhamisha mara nyingi. Mwaka jana baada ya kodi nilikuwa na dola 91. Ada na makato ya kuhamishia benki vilipotoka zilibaki kama 58, shilingi 145,000. Bando la mwaka mzima lilikuwa kama 18,000.

Ndani ya hiyo iliyobaki nimenunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, ya kukuza vitu vidogo. Vidukari kwenye kabichi na utitiri kwenye nyanya sikuwa nawapata kwa kukata kingo, maana nikikata mpaka waonekane picha inashuka chini ya megapikseli 4. Sasa nawapata, ila lazima jani lishikwe na mtu wa pili, kwa kuwa upepo mdogo tu unamtoa mdudu kwenye fokasi.