Barua pepe ya kumuuzia betri mtu aliyechoshwa na wauzaji

Wenye nyumba za wageni wa Bagamoyo hawamwamini muuza sola, na wana haki. Wengi wamewahi kuuziwa betri iliyoandikwa ujazo wa 200Ah, ikafanya kazi vizuri miezi michache, kisha feni zikaanza kuzimika usiku wa manane wageni wakiwa vyumbani. Mtu wa namna hiyo akifungua barua pepe inayoanza na "sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora", anaifuta kabla hajafika mstari wa pili. Mimi nauza na kufunga mitambo ya akiba, ile ya inveta na betri inayoshika umeme ukikatika, na sasa watu hao hao wananijibu.

Ushauri niliokuwa nikipewa ulinikera. Niliambiwa nisitaje bei ili mteja alazimike kupiga simu. Niliambiwa niandike kwamba ofa inaisha Ijumaa. Kibaya kuliko vyote, niliambiwa niahidi miaka 25. Miaka hiyo ni ya paneli, ni muda ambao watengenezaji wengi wanadhamini kwamba paneli itaendelea kutoa sehemu kubwa ya umeme wake. Betri ya jeli, aina ninayouza mimi, haihusiki kabisa. Mwenye nyumba aliyekwisha kutupa betri yake ya kwanza akisoma "miaka 25" anajua papo hapo kwamba unadanganya, na kila utakachoandika chini ya hapo ni bure.

Ninachofanya ni kumpa msomaji namba anayoweza kuihakiki mwenyewe, kwa kitu alichonacho, bila kunihitaji mimi. "Ubora wa hali ya juu" hauwezi kupimwa. Hata "asilimia 98 ya wateja wameridhika" haiwezi kupimwa, ingawa ina tarakimu, na mteja mwenye mashaka huishuku zaidi kwa sababu hiyo. Nilihitaji kitu kinachopimika, na kwenye betri ya jeli kipo: uzito.

Betri ya jeli imejaa madini ya risasi, na risasi ndiyo inayobeba umeme. Ya volti 12 na 200Ah za kweli huwa na uzito wa karibu kilo 60, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na mtengenezaji. Ikiwa chini ya kilo 45, risasi iliyomo haitoshi kwa kinachosomeka kwenye lebo, hata lebo iwe nzuri kiasi gani. Mizani ya kupimia mahindi ipo kila soko. Kwa hiyo uzito nauandika kwenye kichwa chenyewe cha barua: "Betri zako 200Ah: zipime, kisha tuongee". Hakina neno ofa wala alama ya mshangao. Mtu mwenye betri mbovu stoo lazima aifungue hiyo.

Barua yenyewe kwa mwenye nyumba mmoja ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, nafunga inveta na betri hapa Bagamoyo, duka langu liko njia ya sokoni. Kwenye picha za tangazo la nyumba yenu nimeona vyumba vinane na feni za dari, ndiyo maana nakuandikia.

Kama una betri za zamani za 200Ah za jeli, naomba upime moja kwenye mizani. Ya jeli ya kweli inakaribia kilo 60. Ikiwa chini ya 45, hukukosea kuitumia, uliuziwa ndogo.

Ninachouza ni betri nne na inveta ya 3 kVA. Zikiwa mpya zinakupa uniti 4 kwa usiku mmoja. Hizo zinatosha feni nne kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, taa 12 za wati 9 kuanzia saa 1 jioni hadi saa 6 usiku, friji moja, na intaneti. Haziwezi kiyoyozi, hita ya kuogea wala birika la umeme. Feni sita usiku kucha pia haziwezi.

Betri moja ni laki saba na kitu, bei kamili ya kila kifaa iko chini. Thuluthi ya mwisho unalipa baada ya usiku mmoja wa kuwasha vyote nilivyotaja huku umeme wa gridi umezimwa. Waranti ya betri ni miaka miwili, na naitoa mimi mwenyewe hapa hapa dukani."

Chini yake ziliandikwa bei, namba yangu ya TIN, namba ya simu na mahali duka lilipo. Hakuna kiambatisho. Katalogi nzito inamla mtu bando, na mtu asiyekujua hafungui faili lako, na anafanya vyema.

Sentensi iliyobeba barua hii ni ile ya "haziwezi". Nililaumiwa sana kwa ajili yake, kwamba namfukuza mteja kwa mikono yangu. Lakini mama huyu alikwisha kuambiwa na muuzaji mwingine kwamba betri nne "zinaendesha nyumba nzima". Kiyoyozi kidogo kinavuta karibu wati 900 kikiwa kinafanya kazi, kwa hiyo hizo uniti 4 zinaisha ndani ya muda usiofika saa tano hata kama hakuna kingine kilichowashwa. Ukimwambia hilo kabla hajalipa, anakuamini na kwenye lile la feni nne.

Uniti 4 nazo lazima uwe tayari kuzieleza, kwa maana swali litakuja. Betri moja ni volti 12 mara 200, yaani wati-saa 2,400. Nne ni 9,600. Betri ya jeli inayotumika kila siku haifai kushushwa zaidi ya nusu, vinginevyo inakufa mapema, kwa hiyo zinabaki 4,800. Inveta na nyaya vinakula kama asilimia 15, unabaki na 4,000 na kidogo, yaani uniti 4. Muuzaji wa kawaida anaandika 9,600 na hasemi uongo kwa lebo, ila usiku wa tatu mteja anaujua ukweli. Kwenye barua naandika ile ndogo tu, hesabu naiweka akiba. Nikiimwaga yote mwanzoni, barua inageuka somo la fizikia na hakuna anayemaliza.

Upande wa matumizi, feni ya wati 60 kwa saa nane ni 480, nne ni 1,920. Taa ni 540. Friji inayovuta wastani wa wati 60 kwa saa kumi na moja ni 660, na intaneti ya wati 10 ni 110. Jumla 3,230. Feni zikiwa sita, jumla inafika 4,190, na hapo umeshavuka. Nimeacha nafasi kwa makusudi, kwa sababu betri hupungua nguvu kadiri inavyozeeka, na joto la pwani linaiharakisha: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua karibu nusu. Ndiyo maana waranti yangu ni miaka miwili, na ndiyo maana siweki betri kwenye stoo ya mabati.

Jambo moja la kuangalia sana ni yale unayoyajua kuhusu mteja. Kutaja vyumba vinane na feni kulifanya barua ionekane imeandikwa kwa ajili yake, lakini nilisema nimeviona wapi. Ungeandika "najua betri zako zilikufa mwaka jana" bila kueleza, mtu anaona umemchunguza, na hapo umempoteza. Taja kile kilichoko hadharani, taja na mahali ulipokiona, kisha nyamaza. Vivyo hivyo kwa wateja wa zamani: majina yao siyaweki kwenye barua. Mtu akijibu na kuomba, ndipo nampa namba ya aliyekubali kupigiwa.

Mama yule alijibu siku chache baadaye kwa mistari miwili. Kijana wa getini aliipeleka betri moja kwa muuza mahindi, mizani ikasoma kilo 38. Halafu akauliza: "Na nikiongeza feni ya tano je?"

Swali la namna hiyo ndilo ninalolisubiri. Majibu yakiwa ni "bei ya mwisho?" na basi, ujue barua yako haikumpa mtu cha kushika, kwa hiyo ameshika bei. Akiuliza kuhusu namba uliyoiandika, ameanza kufanya hesabu na wewe. Nilimjibu kwamba feni ya tano inafikisha 3,710, zikiwa mpya zitahimili, lakini betri zikianza kuzeeka ndiyo itakayofanya zote zizimike alfajiri, kwa hiyo aamue kama anataka betri nne na feni nne au ajipange na gharama kubwa zaidi. Alichagua feni nne, na vyumba vinne vilivyobaki anavipangisha kwa bei ya chini.

Kipimo cha uzito kina mipaka yake, nawe useme, maana mteja makini atakibana. Hakitambui betri halisi iliyokaa ghalani muda mrefu bila kuchajiwa. Hapo muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa, kwa kawaida imegongwa kwenye ganda, na upime volti ikiwa imepumzika: iliyojaa na nzima inasoma karibu 12.8. Wala usikitumie kwa betri za lithiamu. Ya volti 12 na 200Ah ina kilo 20 na ushee tu, na hiyo ni sawa kabisa. Nimewahi kuona mtu akikataa betri nzuri ya lithiamu kwa sababu ya kilo, baada ya kusikia habari hii nusu nusu. Tangu hapo neno "jeli" halikosi kwenye sentensi ile ile yenye kilo 60.

Ukishaandika namba, unawajibika nayo hadi siku ya kukabidhi. Mzigo wa mama ulipofika dukani, msambazaji alikuwa amebadilisha aina, na hizi zilikuwa na kilo 57 na nusu. Zilikuwa nzima, lebo na volti vilikuwa sawa, na zingepita bila mtu kuuliza. Nilimwandikia kabla ya kupakia: uzito ni 57 na nusu badala ya karibu 60, mtengenezaji ni mwingine, picha ya lebo ni hii, ukitaka tusubiri zile za awali tutasubiri. Akajibu nizilete, na nije na mizani.