Nilivyomwondoa mfanyakazi kwenye Buffer na akaunti za ofisi bila kuvuruga posti zilizopangwa

Afisa mawasiliano wa ofisi yetu ya kuuza safari, Arusha, alikuwa anamaliza kazi siku ya Ijumaa. Ndiye aliyekuwa akipanga posti zote kwenye Buffer, programu inayozitoa zenyewe kwa wakati uliopangwa: ukurasa wa Facebook, Instagram na X. Foleni ilikuwa na posti za wiki mbili mbele. Akiwa bado kazini nilihamisha miunganisho, na yeye mwenyewe nikamtoa mwishoni kabisa.

Sababu ya mpangilio huo iko Facebook. Ukurasa wa Facebook hauna nenosiri lake. Buffer hupata ruhusa kupitia akaunti binafsi ya mtu aliyeuunganisha, na ruhusa hiyo hutunzwa kama tokeni iliyofungamana na mtu huyo. Ukimwondoa kwenye ukurasa kabla mwingine hajaunganisha, tokeni inakufa na posti zilizopangwa zinakwama. Mara nyingi utajua pale tu posti ya asubuhi inaposhindwa kutoka.

Kwa hiyo kazi ilianza wiki moja kabla. Mtu aliyepewa usimamizi kamili wa ukurasa leo husubiri siku 7 ndipo aweze kumwondoa msimamizi mwingine. Ukimwongeza mrithi Ijumaa yenyewe na hakuna msimamizi mwingine wa zamani, anayeondoka anaweza kubaki na mamlaka wiki nzima baada ya kuaga. Mimi huhakikisha ukurasa una wasimamizi wawili wakati wote, mmoja wao akiwa mwenye ofisi.

Ijumaa saa tatu asubuhi mrithi aliingia Facebook kwa akaunti yake, akafungua Buffer na kuuunganisha upya ukurasa ule ule. Hapa kuna kosa la kuepuka: usiufute ukurasa kwenye Buffer ukidhani utauongeza tena baadaye, kwa sababu foleni yake hufutika pamoja nao. Kuunganisha upya juu ya ule uliopo huiacha foleni kama ilivyo. Kisha nikapanga posti ndogo ya majaribio itoke baada ya dakika 10. Ilipotoka ndipo nikamwondoa anayeondoka kwenye Meta Business Suite, sehemu ya People, na nikapanga jaribio la pili. Jaribio la pili ndilo lenye uzito, maana linathibitisha kwamba hakuna kinachotegemea tena akaunti yake. Baada ya hapo nikamtoa kwenye orodha ya timu ya Buffer.

X ni tofauti, kwani ofisi nzima hutumia nenosiri moja. Kulibadilisha tu hakutoshi. Fungua Settings, kisha Security and account access, kisha Apps and sessions. Pale angalia orodha mbili. Sessions inaonyesha simu na kompyuta zilizo ndani ya akaunti. Toa zote isipokuwa unayotumia. Connected apps inaonyesha programu zilizopewa ruhusa, nazo huondolewa moja moja. Programu ya kupanga posti aliyoijaribu mwaka jana kwenye simu yake inaweza kuwa bado ina haki ya kuandika kwa jina la ofisi, hata kama mwenyewe hajui nenosiri jipya.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni msimbo wa hatua mbili, ule unaoulizwa baada ya nenosiri. Kama aliwahi kuskani ule mchoro wa QR kwa simu yake, simu hiyo itaendelea kutoa misimbo sahihi hata nenosiri likibadilika. Dawa yake ni kuzima uthibitishaji wa hatua mbili, kuuwasha upya ili mchoro mpya utengenezwe, kisha kutengeneza misimbo mipya ya akiba. Nilifanya hivyo Instagram, X na Gmail ya ofisi. Instagram ilidai kuunganishwa upya Buffer baada ya nenosiri kubadilika, nikarudia jaribio la dakika 10.

Kwenye Gmail nilianza na namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Zikibaki za kwake, kubofya “nimesahau nenosiri” kunaweza kumrudisha ndani, na nenosiri lako jipya halitakuwa na maana. Badilisha hizo kwanza, nenosiri baadaye.

WhatsApp Business ilihitaji mazungumzo naye ana kwa ana. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, hivyo kisheria ni yake. Nilimwambia, “Dada, laini baki nayo, sisi tunahamisha akaunti tu.” Tukiwa na simu zote mbili mezani, tulitumia Change number kuihamishia kwenye laini ya ofisi, tukatoa vifaa vyote kwenye Linked devices, nikaweka PIN mpya ya tarakimu 6. Wateja wa zamani wanaweza kuendelea kupiga namba ile ya kwanza, kwa hiyo tulikubaliana awaelekeze kwenye namba mpya, nasi tukaibadilisha kwenye tovuti na vipeperushi siku ile ile.