Kijiti Kilibaki Mkononi

Nilikwenda kliniki ya figo pale KCMC, Moshi, na ombi moja: nitolewe kijiti nishike mimba. Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, ilikuwa imetulia, viungo haviumi, na mama mkwe kule Machame alishaanza kuuliza kwa mafumbo.

Daktari hakukataa. Aliniambia nitoe dawa zangu zote, akazitenga mezani. Haidroksiklorokwini aliirudisha mkononi mwangu: hiyo nitaimeza mimba nzima, maana wanaoiacha ndio lupasi huwaamkia. Mikofenoleti, iliyokuwa ikilinda figo, na losatani ya presha alizisogeza kando.

"Hizi mbili haziendi na mimba, dada yangu."

Mikofenoleti huweza kutoa mimba, au mtoto akazaliwa na kasoro za masikio na mdomo. Losatani huumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Nikasema basi naziacha leo hii. Akatikisa kichwa. Figo isiyo na mlinzi huwaka upya, tena kimyakimya. Akanipa azathioprini badala ya ile ya kwanza na nifedipini badala ya ya pili. Mikofenoleti inahitaji walau wiki 6 kutoka mwilini, lakini kungoja kwenyewe kulikuwa kwa ajili ya figo: ilipaswa ikae imetulia miezi 6 chini ya dawa mpya. Kijiti kikabaki.

Kila nilipokwenda walipima presha, damu, na protini kwenye mkojo. Katikati ya safari protini ikapanda. Mimi sikuhisi chochote, hata miguu haikuvimba. Dozi ikaongezwa, na hesabu ya miezi 6 ikaanza upya. Mume wangu alinuna siku ile, na sikumlaumu.

Kijiti kilipotoka hatimaye, faili langu lilikuwa nene. Nilidhani ni makaratasi tu. Mimba ikaingia, nikaanzishiwa aspirini ya dozi ndogo wiki ya 12, mambo yakaenda vizuri hadi wiki ya 35, presha ilipopanda na mkojo ukajaa protini. Hapo ndipo penye mtego: lupasi ya figo ikiamka na kifafa cha mimba kikinyemelea, dalili hufanana mno, ila tiba haifanani. Daktari alifungua vipimo vya kabla ya mimba akalinganisha. Protini ilikuwa imeruka ghafla, lakini mkojo haukuwa na chembe za damu, na komplimenti, kipimo cha damu ambacho kwangu hushuka lupasi ikiwaka, ilikuwa palepale. Kwa hiyo si lupasi. Dawa ni kujifungua, si kuongeza predinisoloni ya kutuliza lupasi.

Binti alizaliwa na kilo 2.1. Mama mkwe alikuja na mtori, akanikuta nanyonyesha na kidonge cha haidroksiklorokwini mkononi. "Hizo dawa huachi tu?" Nikameza, nikampa mjukuu wake ampakate.